Kipara cha duara kichwani: je, sindano ile ni ya kuogopa?

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 33, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwezi wa tatu msusi wangu alipokuwa ananifumua akaniuliza, "Dada, huku juu ya sikio ulinyoa?" Nikapeleka kidole nikakuta ngozi tupu, laini, duara kama sarafu ya mia mbili. Haiwashi wala haiumi. Sasa kipara kimepanuka, na kingine kidogo kimetokea kisogoni. Duka la dawa walinipa dawa ya mapunye, maana hata binti yangu wa miaka 6 kichwa chake kina magamba na anajikuna. Tumemeza wote mwezi mzima. Mtoto ameanza kupata nafuu, mimi hakuna kitu. Mama mkwe anasema nywele zangu zilichukuliwa saluni zikapelekwa kwa mganga. Jirani naye ananiambia kuna mtu anachoma sindano humo humo kwenye kipara kwa bei nafuu na nywele zinaota. Naogopa, nisije nikapata madhara ya ubongo. Nashinda na kilemba hata ndani ya nyumba ili mume wangu asione. Huu ni ugonjwa gani, mimi na mtoto nani kamwambukiza mwenzake, na hiyo sindano nichome au niache?
Mama wa Mwaloni

Marahaba, mama. Niruhusu nianze na binti, kwa sababu la kwake lina haraka.

Magamba, kujikuna na nywele kukatika vipande vipande ni dalili za mapunye. Hao ni fangasi wanaokula nywele, na wanahama kwa chanuo, mashine ya kunyolea, kofia na mto wa kulalia. Dawa yake ya kumeza, grisiofulvini, mtoto huinywa kila siku kwa wiki 6 hadi 8. Mkiishia mwezi mmoja kwa kuwa ameanza kupata nafuu, fangasi waliobaki ndani ya nywele wataanza upya. Kwa hiyo rudini mkamalizie, na ampime uzito anayewapa dawa, maana kipimo cha mtoto kinafuata kilo zake. Mpe akishakula chakula chenye mafuta, hata karanga au maziwa, ndipo dawa inapoingia vizuri mwilini. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu haifiki kwenye shina la nywele.

Wewe dawa hiyo haikukusaidia kwa sababu, kwa unavyoeleza, huna fangasi. Hukumwambukiza mtoto wala yeye hakukuambukiza. Ni nyumba moja iliyoingiwa na magonjwa mawili tofauti kwa wakati mmoja, na duka la dawa wakayaona kuwa ni moja. Kwa barua siwezi kukata shauri, lakini kipara cha duara kilichokuja ghafla, laini, kisicho na magamba wala maumivu, kwa kawaida ni ugonjwa unaoitwa alopesia areata.

Hebu simama mbele ya kioo mchana, mtu unayemwamini akumulikie kwa tochi ya simu. Atazame mambo mawili. La kwanza, ngozi ya kipara chenyewe. Kama bado inaonekana ina vitundu vidogo vidogo vya vinyweleo, mizizi ipo hai chini yake. Kama inang'aa kama kovu la moto na vitundu vimezibika, huo ni ugonjwa mwingine unaoua mizizi, na hapo kila wiki unayochelewa una hasara. La pili ni ukingo wa kipara. Mara nyingi ukingoni huwa kuna nywele fupi, za milimita chache tu, nene juu na nyembamba chini karibu na ngozi, kama msumari uliosimama kwa ncha yake. Ukizivuta taratibu zinatoka bila kuuma. Zikiwepo, ugonjwa bado unatembea na kipara kinaweza kupanuka. Kwa nywele zetu za kujisokota si rahisi kuziona kwa macho matupu, ndiyo maana daktari wa ngozi hutumia lenzi ndogo yenye taa.

Kisha atazame kucha zako. Vishimo vidogo vidogo, kana kwamba mtu alizidonoa kwa ncha ya sindano, ni sehemu ya ugonjwa huu huu. Wenye kucha za namna hiyo mara nyingi huwa na ugonjwa mkaidi zaidi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila unywele umeota kwenye kifuko chake ndani ya ngozi, na chini kabisa kuna kitunguu kinachoutengeneza. Mwili wenye afya hukificha kitunguu hicho ili askari wa kinga wasikiguse. Katika alopesia areata maficho hayo yanavunjika. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na virusi, zinakizingira kitunguu kama nyuki na kukifanya kiache kazi. Unywele unakonda chini, unakatika au kung'oka. Lakini kitunguu hakifi. Kimenyamazishwa tu, na hata baada ya miaka kinaweza kuanza tena kazi. Kwa nini mwili unageukia nywele zake wenyewe? Kuna urithi wa ukoo ndani yake, na wagonjwa hawa hupatwa zaidi na maradhi ya tezi ya shingo, pumu na mabaka meupe ya ngozi kuliko watu wengine. Saluni haikuhusika, wala nywele zilizobaki sakafuni kwa msusi wako.

Sasa sindano. Ipo kweli, na kwa mtu mzima mwenye vipara vichache ndiyo tiba ambayo madaktari wengi wa ngozi huifikiria kwanza. Dawa yenyewe huitwa triamsinoloni, ni steroidi. Kazi yake ni kuwatuliza wale askari pale pale walipokizingira kitunguu. Huduma hii si mbaya. Ninachokiogopa ni mkono wa huyo mtu wa bei nafuu, na nitakueleza kwa nini kwa hesabu kidogo.

Chupa ya triamsinoloni inayopatikana kwa wingi ina miligramu 40 ndani ya kila mililita. Imetengenezwa hivyo kwa ajili ya kuchomwa kwenye viungo kama goti. Ngozi ya kichwa haihitaji nguvu hiyo. Tunaipunguza hadi miligramu 5 kwa mililita, yaani mara 8. Tunavuta robo mililita ya dawa, tunaongeza maji tiba ya chumvi au dawa ya ganzi mililita 1 na robo tatu, tunapata mililita 2 za dawa iliyopungua. Hapo ndipo tunachukua sindano nyembamba kabisa, kama ya insulini.

Tuseme kipara chako cha juu ya sikio kimefika sentimita 3 kwa upana. Nitachoma tone katikati, kisha matone 6 kuzunguka, kila moja likiachana na jirani yake sentimita 1 hivi. Kila tone ni mililita 0.1. Yote 7 ni mililita 0.7. Kipara cha kisogoni, kikiwa cha sentimita 2, kitataka matone 4, yaani mililita 0.4. Jumla ni mililita 1.1, ambayo ina miligramu 5.5 za dawa. Kikomo ambacho wengi wetu tunajiwekea kwa kikao kimoja ni kama miligramu 20, kwa hiyo uko mbali nacho. Lakini mtu akikuchoma kiasi hicho hicho moja kwa moja kutoka kwenye chupa bila kupunguza, umepokea miligramu 44, na zote zimekaa kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto.

Nimeyaona matokeo yake. Alinijia fundi wa injini za mitumbwi kutoka Igombe, kijana wa miaka 26, amevaa kofia ya sufu katikati ya joto la mchana. Alikuwa na kipara kimoja upande wa kulia, akachomwa mahali fulani ambapo hakuna aliyemwambia dawa gani wala kiasi gani. Alipovua kofia nilipitisha kidole nikakisikia kinazama: ngozi ilikuwa imebonyea, kishimo ambacho ungeweza kulazia punje ya harage, na pembeni yake weusi wa ngozi umefifia kuwa kijivu. Alidhani fuvu limeoza. Lilikuwa zima. Steroidi nyingi mno ilikuwa imelikondesha tabaka la ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Sikumchoma. Nilimwambia tusubiri, na kila mwezi nilikipima kishimo. Kilijaa polepole, kikachukua miezi 7 kutoweka, na rangi ikachelewa zaidi kurudi. Baadaye tulitibu kipara kingine kwa dawa iliyopunguzwa na nywele ziliota bila bonde lolote.

Kwa hiyo kabla mtu hajakugusa, mwulize: hii dawa umeipunguza hadi miligramu ngapi kwa mililita? Mtu anayejua kazi atakujibu hapo hapo. Akibabaika, shukuru, funga kilemba chako uondoke.

Kuhusu ubongo, mama, ondoa hofu. Sindano hii haiendi hata kwenye nyama. Inaingia ndani ya ngozi yenyewe, milimita chache. Ikikaa sawasawa, ngozi inainuka kijipele cheupe kidogo ambacho kinazama baada ya muda. Chini ya ngozi kuna fuvu, na ncha ikigusa mfupa maana yake mchomaji ameshazidisha kina. Inauma, sitakuficha. Ni maumivu ya kuchoma kama ya siafu, kila tone na la kwake, na kisogo huvumilia zaidi kuliko karibu na paji la uso. Tunaweza kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika chache kabla. Ukitoka unaweza kupata matone madogo ya damu, unayakandamiza kwa pamba, unaendelea na siku yako. Kwenda Mwaloni jioni hiyo hiyo hakuna tatizo.

Kikao kinarudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Usitazame kioo kila asubuhi, utakata tamaa. Nywele za kwanza kwa kawaida huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 8, na zinakuja kama manyoya laini ya kifaranga. Zikiwa nyeupe usishtuke wala usizing'oe. Ugonjwa huu hupenda kushambulia nywele zenye rangi, kwa hiyo nyeupe hutangulia kuota na rangi hurudi baadaye. Mahali paliposhaota hatupachomi tena. Tukifika miezi 6 bila hata manyoya, tunaacha, maana kuendelea kungekupa madhara pasipo faida.

Kuna jambo ambalo wachomaji wengi hawalisemi. Sindano inaotesha nywele pale ilipochomwa tu. Haizuii kipara kipya kutokea kwingine, kwa sababu ugonjwa uko kwenye kinga ya mwili mzima. Yule fundi wa Igombe alipata kipara cha tatu kwenye ndevu wakati kile cha kichwani kinaota vizuri, akaja amekasirika akidhani dawa imehamisha ugonjwa. Haikuhamisha. Ndevu zake tulizichoma kwa nguvu ya nusu, miligramu 2.5 kwa mililita, maana ngozi ya uso inabonyea upesi.

Na kama unaiogopa bado, una njia mbili nyingine ambazo ni za kweli. Moja ni kusubiri. Kwa watu wenye vipara vidogo vichache, kati ya theluthi moja na nusu yao huota nywele zenyewe ndani ya mwaka mmoja bila dawa yoyote. Mganga wa kijijini akikuganga mwezi ambao nywele zilikuwa zinaota zenyewe, sifa inamwendea yeye. Namheshimu mama mkwe wako na najua anakutakia mema, ila hela ya kutazamiwa itunze kwa ajili ya nauli ya kliniki. Kwa kuwa kipara chako cha kwanza kinapanuka na cha pili kimeshatokea, mimi binafsi nisingesubiri muda mrefu.

Njia ya pili ni kupaka steroidi kali. Inayotumika sana ni klobetasoli ya asilimia 0.05, inapakwa kwenye kipara na ukingo wake, mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi 3 hivi, chini ya macho ya daktari. Ni dhaifu kuliko sindano lakini haichomi, ndiyo tunayoichagua kwa watoto. Hapa nakusihi kitu. Klobetasoli ndiyo hiyo hiyo inayochanganywa kwenye mikorogo ya kung'arisha uso. Ikikaa nyumbani kwako, isihamie usoni kwako wala kwa wadogo zako, na isiguse kabisa kichwa cha binti yako, kwa sababu steroidi huwanenepesha fangasi wa mapunye huku magamba yakionekana kupungua. Kuna pia minoksidili ya asilimia 5, maji au povu la kupaka. Hiyo inasukuma nywele ziote ila haiwatulizi askari, kwa hiyo tunaiweka kama msaidizi wa sindano au klobetasoli. Kama unanyonyesha au unahisi una mimba, sema kabla ya kupewa chochote.

Huenda umesikia juu ya vidonge vipya. Vipo. Barisitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima wenye ugonjwa mkubwa, na ritlesitinibu mwaka 2023 kuanzia umri wa miaka 12. Hivyo ni kwa mtu aliyepoteza nusu ya kichwa au zaidi, ambaye huwezi kumchoma kichwa kizima. Vinaishusha kinga ya mwili, kwa hiyo ni lazima kupima kifua kikuu kwanza, jambo la uzito kwetu ambako kifua kikuu kipo majumbani. Bei yake ni kubwa na wengi wakiacha dawa nywele zinadondoka tena. Kwa vipara viwili visikusumbue akili.

Hapa Mwanza, anzia kituo chako cha afya uombe rufaa ya kliniki ya ngozi, kama ile ya Bugando. Siku hiyo nenda nywele zikiwa zimefumuliwa, bila mafuta, ili daktari aione ngozi. Mwambie kama una kisukari, kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, na kama moyo unakwenda mbio au umekonda bila sababu, ili aamue kama tezi ipimwe. Usione haya akiagiza kipimo cha kaswende. Kaswende nayo hunyonyoa nywele, ingawa kwa kawaida huziacha kama nguo iliyoliwa na nondo wala si duara safi kama lako, na kipimo cha damu kinamaliza ubishi. Akiwa na shaka na fangasi, atakwangua kidogo ngozi itazamwe kwenye hadubini.

Kabla hujaenda, piga picha ya kila kipara ukiwa umeweka sarafu ile ile ya mia mbili pembeni, kisha rudia kila mwezi siku ile ile. Macho yako yatakudanganya, sarafu haitakudanganya. Mume wako ndiye anayeweza kuipiga ile ya kisogoni. Naomba umwonyeshe mama, umwambie haiambukizi, umwambie jina lake. Kujificha ndani ya nyumba yako mwenyewe ni mzigo ambao hakuna dawa yangu inayoutibu.

Msusi wako usimwache. Mwambie asikubane kingo za nywele wakati unatibiwa, maana mkazo wa rasta nao unang'oa nywele na tutashindwa kujua kipi ni kipi. Yeye ndiye aliyekiona cha kwanza. Mwombe kila akikufumua apitishe vidole kisogoni na juu ya masikio yote mawili, na akikuta ngozi tupu sehemu mpya, asisukie juu yake kabla hujaipiga picha.